UZI: Njia ya bomba iliyochorwa na kompyuta inazunguka bonde zima badala ya kupanda uwandani. Nimekosea wapi?

Mpima_wa_Bondeni (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu. Nipo kwenye mradi mdogo wa maji upande wa Newala, na kazi niliyopewa ni kupendekeza njia ya bomba kuu kutoka kisima kirefu kilicho bondeni hadi tangi litakalojengwa juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Kisima kipo kwenye mwinuko wa mita 248 na eneo la tangi lipo mita 402. Ukipima kwa mstari ulionyooka, umbali kati yao ni kilomita 4.7.

Nilitumia QGIS pamoja na GRASS, data zote zikiwa kwenye EPSG:32737. Mwinuko niliutoa Copernicus GLO-30, yaani seli za mita 30, na uoto niliutoa ESA WorldCover ya mwaka 2021. Kila kimoja nilikipa alama za 1 hadi 9. Kwa upande wa mteremko, ardhi tambarare ilipata 1 na mteremko unaozidi asilimia 35 ulipata 9. Kwa upande wa uoto, nyasi zilipata 1, mashamba ya msimu 3, miti 7 na makazi 9. Kisha nikazidisha mteremko kwa 0.6 na uoto kwa 0.4, nikajumlisha, na tabaka hilo nikaliingiza kwenye `r.cost`.

Njia niliyoipata ina urefu wa kilomita 8.3. Inateremka na bonde, inazunguka pua ya mlima, kisha inarudi juu taratibu upande wa pili kana kwamba inaogopa kupanda. Msimamizi wangu, ambaye amelifahamu eneo hili tangu utoto wake, aliitazama ramani akaniambia kwamba hakuna fundi atakayekubali kuchimba mtaro huo. Nikimuuliza kwa nini, ananijibu kwamba njia ni ndefu mno, nami sina hoja ya kumpa kwa sababu kompyuta inasema ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote. Naombeni mnioneshe kosa lilipo.

Chipukizi_Ndanda

Mkuu, tatizo lako ni `r.cost` yenyewe. Hiyo inatazama mteremko wa seli tu, haijui kama njia inapanda mlima huo, inaushuka au inaupita ubavuni. Tumia `r.walk`, ambayo inasoma mwinuko moja kwa moja na kutofautisha kupanda na kushuka. Mimi niliitumia kwenye kazi ya chuo ya kutafuta njia za kwenda zahanati na matokeo yalikuwa mazuri sana.

Binti_Nachingwea

Kaka Chipukizi, nusu ya maneno yako ni sahihi, na nitaomba turudi kwenye nusu hiyo baadaye, kwa sababu ni kweli kwamba `r.cost` haijui njia inaelekea wapi juu ya mteremko. Lakini `r.walk` imejengwa kwa hesabu za mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Inahesabu muda, na inampa nafuu anayeteremka mteremko mpole kwa kuwa miguu yake inakwenda haraka. Mtaro wa bomba haupati nafuu hiyo. Ukiitumia kwa bomba utapata jibu zuri la swali lisilo lako.

Mpima, kosa lako ni kubwa kuliko uchaguzi wa zana, nalo limejificha kwenye zile alama za 1 hadi 9. Hebu tuzisome kama kompyuta inavyozisoma. Mita moja ya nyasi tambarare kwako ni 0.6 mara 1 kuongeza 0.4 mara 1, yaani 1. Mita moja ya mteremko mkali wenye miti ni 0.6 mara 9 kuongeza 0.4 mara 7, yaani 8.2. Maana yake umeiambia kompyuta kwamba uko tayari kununua, kuchimba na kufukia zaidi ya mita nane za bomba bondeni ili uepuke mita moja tu ya mlima. Imekutii. Je, wewe na msimamizi wako mnakubaliana na bei hiyo?

Alama zinafaa kupanga mambo kwa daraja, kwamba hiki ni kigumu kuliko kile. Hazisemi ni kigumu mara ngapi, lakini `r.cost` inazijumlisha na kuzilinganisha kana kwamba zinasema. Na kuna kitu hukukiweka kabisa: bomba lenyewe. Kila mita ya njia, iwe ya bondeni au ya mlimani, inakudai bomba, maungio, uchimbaji na ufukiaji. Gharama hiyo ya msingi haikwepeki kwa kuzunguka, bali inaongezeka. Ukiiacha nje, mzunguko unaonekana kama wa bure.

Weka shilingi kwa mita. Anza na gharama ya msingi ya ardhi laini na tambarare, kisha juu yake ongeza ziada ya mteremko na ziada ya uoto. Kamuulize aliyewahi kuandaa makadirio ya mradi kama wako, usizitunge mezani.

Fundi_Bomba_Mstaafu

Nimelaza mabomba mikoa hii ya kusini kwa miaka mingi, na huyu binti amesema jambo ambalo sisi mafundi tulikuwa tunalijua bila kulichora. Bomba ni mita. Ukinipa mlima mkali wa mita mia mbili nitahangaika wiki moja. Ukinipa kilomita mbili za ziada utakuwa umeninyima bomba la kitongoji kizima.

Mpima, usidhani hata hivyo kwamba mlima ni rahisi. Udongo wa kingo za uwanda wa Makonde una mchanga mwingi. Mtaro ukiuchimba kuelekea chini moja kwa moja na ukaufukia hivihivi, mvua ya kwanza inaufanya mfereji. Nimewahi kurudi kwenye bomba tulilolifukia mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Januari nikalikuta linaning'inia juu ya korongo lenye kina cha kifua cha mtu, limeshikiliwa na maungio tu. Tangu hapo, kwenye mteremko mkali nilikuwa ninaweka vizuizi vya mifuko ya mchanga na saruji ndani ya mtaro kila baada ya mita chache, na juu yake matuta ya kuyatoa maji pembeni. Hiyo ndiyo ziada ya mteremko inayopaswa kuingia kwenye hesabu yenu. Kazi ya sururu peke yake ni sehemu ndogo.

Mpima_wa_Bondeni

Shikamoo Mzee, na asante sana Dada Binti. Nimekaa na mkadiriaji wetu siku nzima ya jana. Takwimu hizi ni za makadirio yetu kwa bomba letu, kwa hiyo mtu mwingine asizichukue kama bei za mahali pote. Msingi ni shilingi 80,000 kwa mita. Mteremko wa asilimia 10 hadi 20 unaongeza 12,000, wa 20 hadi 35 unaongeza 40,000, na unaozidi 35 unaongeza 110,000, ikiwa ni pamoja na vizuizi alivyovieleza Mzee. Shamba la msimu linaongeza 3,000.

Kwenye miti ndipo nilipokwama. WorldCover inaonesha miti karibu kila mahali huku juu, nami najua kwa macho yangu kwamba sehemu kubwa ya hiyo ni mikorosho. Kichaka cha mlimani hakina fidia ya mtu mmoja mmoja, lakini korosho ina mwenyewe.

Binti_Nachingwea

Umegusa mahali penye jipu kwa mikoa yetu miwili ya Lindi na Mtwara. Daraja la mashamba katika WorldCover ni la mazao ya msimu. Mazao ya miti kama korosho na minazi huangukia kwenye daraja la miti, namba 10, pamoja na msitu wa asili. Kwa anayefanya kazi Dodoma hilo halimsumbui sana. Kwa Newala na Tandahimba, ramani hiyo imechanganya kitu ghali kuliko vyote na kitu kisicho na fidia, ikavipaka rangi moja.

Sijaona njia ya mkato. Fungua picha ya satelaiti yenye uwazi wa kutosha, fuata ukanda wa kilomita moja kila upande wa njia unayoidhania, na uchore mipaka ya mikorosho kwa mkono. Mikorosho iliyopandwa kwa mistari utaitambua mara moja, vivuli vyake vinakaa kama nukta za bao. Ile mizee iliyopandwa bila mistari ndiyo itakayokudanganya, na hiyo nenda ukaione.

Kwa bei fanya hivi. Nafasi inayopendekezwa ya mikorosho ni mita 12 kwa 12, yaani kila mti unashika mita za mraba 144. Mkuza wa kazi ukiwa na upana wa mita 6, kila mita ya bomba inachukua mita za mraba 6. Gawanya 144 kwa 6, unapata kwamba mtakutana na mti mmoja kila baada ya mita 24. Thamani ya mti ni kazi ya mthamini na si yangu wala yako, lakini kwa kujaribia, ukichukua mfano wa shilingi 480,000 kwa mti, ziada inakuwa 20,000 kwa mita.

Mpima_wa_Bondeni

Nimefanya hivyo. Kuchora mikorosho kumenichukua siku mbili, na nimeiita `ziada_uoto` baada ya kuigeuza kuwa shilingi. Amri nilizotumia ni hizi:

```
r.slope.aspect elevation=mwinuko slope=mteremko format=percent
r.mapcalc "ziada_mt = if(mteremko<10,0,if(mteremko<20,12000,if(mteremko<35,40000,110000)))"
r.mapcalc "gharama = 80000 + ziada_mt + ziada_uoto"
r.cost -k input=gharama output=jumla_kisima outdir=mwelekeo start_points=kisima
r.path input=mwelekeo vector_path=njia start_points=tangi
```

Njia mpya ina kilomita 5.6. Nimezipigia hesabu njia zote mbili kwa bei zilezile, na sasa nina hoja ya kumpa msimamizi wangu. Ile ya kwanza ya kilomita 8.3, pamoja na utulivu wake wote, inagharimu shilingi milioni 677.2, na kati ya hizo milioni 664 ni gharama ya msingi peke yake. Hii mpya ina mita 900 za mteremko wa kadiri, mita 700 za mteremko mkubwa, mita 200 za ule mkali kabisa na mita 1,100 za mikorosho, lakini jumla yake ni milioni 530.8. Tofauti ni milioni 146.4.

Naomba kuuliza jambo moja. Tabaka la `jumla_kisima` linaonesha kama milioni 17.7 kwenye seli ya tangi. Hiyo haifanani kabisa na milioni 530.8.

Binti_Nachingwea

Inafanana. `r.cost` inahesabu hatua kwa seli, haihesabu kwa mita. Bei zako ni za mita na seli yako ina mita 30, kwa hiyo zidisha 17.7 kwa 30 na utarudi kwenye 531. Kila ukimaliza kazi ya namna hii fanya ukaguzi huo, kwa sababu hapo ndipo unapogundua kama tabaka mojawapo lilikuwa bado liko kwenye nyuzi za longitudo badala ya mita, au kama mteremko ulitoka kwa nyuzi badala ya asilimia.

Nimefurahi pia kuona umeweka `-k`. Bila hiyo njia inakwenda pande nane tu, na mstari ambao haulingani na pande hizo unaweza kurefushwa hadi kama asilimia 8 kwa sababu tu ya umbo la seli. Kwa pande kumi na sita urefusho unashuka hadi chini ya asilimia 3. Kwa bomba la kilomita tano hiyo si tofauti ya kupuuzwa.

Mkulima_Tandahimba

Samahanini ndugu zangu, mimi si mtaalamu wa ramani, ila nimesoma maneno haya ya mikorosho nikaona ninyamaze vipi. Mnasema njia yenye gharama ndogo. Ndogo kwa nani? Kwangu bomba lilipita miaka kadhaa nyuma. Walihesabu mikorosho minne iliyong'olewa na wakailipa, hapo sina neno. Lakini mtaro ulipita kama mita nne kutoka kwenye mashina ya mingine mitano, wakakata mizizi upande mmoja, tena korosho zikiwa zinaanguka na sisi tuko katikati ya kuokota. Msimu uliofuata niliipulizia salfa kama mingine yote. Miwili ilikauka matawi ya upande ule wa mtaro na mpaka leo haizai huko. Nilipokwenda kuuliza, niliambiwa miti ile haimo kwenye orodha. Je, kompyuta yenu inaihesabu miti hiyo? Na maji yenyewe huko Newala yatafika lini?

Mpima_wa_Bondeni

Pole sana mkulima wetu. Kuhusu lini maji yatafika sina mamlaka ya kusema, maana bado tupo kwenye hatua ya kuchora. Lakini swali lako la mizizi ni la kwetu moja kwa moja, na jibu la kweli ni kwamba hesabu yangu haikuihesabu. Nilihesabu miti iliyo ndani ya mita 6 za mkuza tu.

Nimeirudia jana usiku kwa upana wa mita 10, ili mti ambao mizizi yake itakatwa nao uhesabiwe. Sasa ni mti mmoja kila mita 14.4, na kwa thamani ileile ya mfano ziada inapanda kutoka 20,000 hadi 33,000 na kidogo. Njia imehama. Imeacha kukata katikati ya mashamba mawili makubwa, na sasa inashika mpaka wa magharibi wa mashamba hayo, ambako kuna kichaka. Urefu umebaki karibu uleule, ila mita za mikorosho zimepungua kutoka 1,100 hadi kama 400. Kwa hiyo umeisogeza njia yetu, mzee wangu, ingawa ulidhani hukuelewa swali.

Fundi_Bomba_Mstaafu

Vizuri. Ila Mpima, hadi sasa hujatuambia kitu kimoja ambacho mimi ningekiuliza kwanza. Njia yako mpya, pale inapoufikia uwanda, mahali pa juu kabisa pana mita ngapi?

Mpima_wa_Bondeni

Nimechora wasifu wa mwinuko sasa hivi. Inapanda hadi mita 421 kwenye tandiko kati ya vilima viwili, kisha inashuka hadi tangi kwenye mita 402.

Fundi_Bomba_Mstaafu

Ndivyo nilivyohofia. Pampu yako haitapandisha maji mita 154 tena, itayapandisha mita 173, kisha mita 19 za mwisho yatajishukia yenyewe bure. Na mahali pa juu kama hapo panakusanya hewa. Usipoweka valvu ya hewa, hewa inajikunja pale juu na maji yanapita kwa shida. Hata ukiiweka, ule upande wa kushuka maji hayajazi bomba, yanakimbia chini yake tu. Hayo yote ramani ya gharama haiyaoni, maana inamjua anayechimba na haimjui anayesukuma.

Piga hesabu ya umeme. Tuseme mnasukuma mita za ujazo 300 kwa siku na pampu yenu ina ufanisi wa asilimia 60. Kupandisha mita 19 za ziada kunakula kama uniti 26 kila siku, yaani karibu 9,450 kwa mwaka. Ukiweka mfano wa shilingi 300 kwa uniti, ni milioni 2.8 kila mwaka, na wanaolipa ni wananchi kwenye bei ya ndoo.

Jambo la pili ni daraja la bomba. Bomba la HDPE la PN 16 linavumilia mita 160 za maji. Mita 154 zilikuwa zinakaribia mpaka hata kabla ya kuhesabu msuguano. Kwa mita 173, sehemu yote ya chini karibu na kisima itahitaji bomba nene zaidi, au chuma, na ile 80,000 yako kwa mita haitakuwa 80,000 tena.

Chipukizi_Ndanda

Kwa hiyo mwinuko uwe tabaka la tatu, lipewe uzani wake, seli za juu ziwe ghali.

Binti_Nachingwea

Hapana kaka, maana tangi lenyewe liko juu. Ukiutoza mwinuko kwa kila seli, utakuwa unaiadhibu njia kwa kupanda mahali ambapo ni lazima ipande. Shida ni kupita juu ya tangi, si kuwa juu. Hilo ni katazo, na katazo linawekwa kama katazo:

```
r.mapcalc "gharama2 = if(mwinuko>405, null(), gharama)"
```

Seli tupu hazipitiki. Nimeacha mita 3 za ziada kwa sababu data ya mwinuko ina makosa yake, na ukikata palepale kwenye 402 unaweza kulifungia tangi nje ya ramani.

Mpima_wa_Bondeni

Nimejaribu. Njia inakwenda kusini kidogo na kuupanda ukingo mahali pengine. Sasa ni kilomita 5.9 na jumla ni shilingi milioni 547, yaani zaidi kwa milioni 16.2 kuliko ile ya 530.8. Kwa hesabu ya Mzee ya umeme, fedha hiyo inarudi ndani ya miaka 6 hivi, bila kuhesabu bomba nene.

Lakini kuna kitu kinanitatiza kwenye uwanda wenyewe. Tabaka la mteremko linaonesha mistari myembamba ya asilimia 12 na 13 mahali ambapo nimesimama kwa miguu yangu na ni tambarare kama meza. Mistari hiyo inafuata mipaka ya mikorosho niliyoichora.

Binti_Nachingwea

Hiyo ni miti. Copernicus inapima uso unaoonekana kutoka juu, na juu ya mikorosho ni majani. Mkorosho mzee wa mita 8 ukianza ghafla kwenye ukingo wa shamba, data inaona ngazi ya mita 8. Mteremko unapimwa kwa kulinganisha seli za pande mbili, yaani katika mita 60, na 8 kwa 60 ni asilimia 13. Kwa bei zako hiyo imevuka mpaka wa 10, kwa hiyo kila ukingo wa shamba unatozwa shilingi 12,000 kwa mita kwa mlima usiokuwepo. Njia inapoambaa ukingo wa shamba, kama yako sasa, inatozwa mfululizo.

Chipukizi_Ndanda

Basi alainishe tabaka zima la mwinuko kwa wastani wa seli jirani, mistari hiyo itafutika.

Binti_Nachingwea

Itafutika pamoja na ukingo wa uwanda, na ukingo huo ndio mlima wa kweli tunaouchunguza. Ule wa asilimia 40 utageuka kuwa wa 25, na utaambiwa vizuizi vya Mzee havihitajiki. Mimi ningelainisha uwandani tu, ndani ya mipaka ya mikorosho na seli mbili nje yake, na kule kwenye ukingo nisiguse. Lakini nakiri kwamba mahali ambapo mikorosho imepandwa hadi kwenye mteremko wenyewe sina dawa ya kuaminika zaidi ya kwenda kupima.

Bonde_la_Lukuledi

Mimi nimekuwa nikisoma tu. Naomba nirudi kwenye ile nusu sahihi ya Chipukizi, kwa sababu naona imeachwa. Njia mpya ya Mpima, ikielekea kusini kabla ya kupanda, inapita ubavuni mwa mlima kwa umbali gani? Kwetu upande wa Lindi tulipitisha bomba ubavuni kwenye mteremko wa asilimia 30, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda moja kwa moja. Mashine ya kuchimba haiwezi kusimama imeinama, kwa hiyo ilibidi tukate benchi la kuipitisha, na udongo wa juu ukawa unaporomokea mtaroni kila usiku.

Mpima_wa_Bondeni

Kama mita 350, kwa asilimia 25 hadi 30.

Fundi_Bomba_Mstaafu

Kwa mashine, Bonde la Lukuledi amesema kweli. Kwa watu wenye sururu sikubaliani naye sana. Mtaro wa ubavuni unachimbika kwa mkono, na maji ya mvua hayaufuati kama yanavyoufuata ule unaoshuka moja kwa moja. Inategemea mtachimba kwa mashine au kwa mkono.

Bonde_la_Lukuledi

Nasi tulianza kwa mkono, Mzee. Maporomoko yalikuwa yaleyale.

Binti_Nachingwea

Na `r.cost` inaitoza mitaro yote miwili, wa ubavuni na wa kupanda, bei moja ya 40,000. Hapo ndipo ukomo wake. Mpima, badala ya kuendelea kuusukuma mstari mmoja, pata ukanda. Endesha `r.cost` mara ya pili ukianzia kwenye tangi, kisha jumlisha:

```
r.mapcalc "ukanda = jumla_kisima + jumla_tangi"
```

Kila seli itakuambia gharama ya njia bora inayolazimika kupita hapo. Thamani ndogo kuliko zote ndiyo njia yako. Paka rangi seli zote zilizo ndani ya asilimia 3 ya thamani hiyo, kwa sababu makadirio yenu hayana uhakika kuliko hapo, na ndani ya rangi hiyo mhandisi achague kwa macho. Njia ya baiskeli kati ya mashamba mawili haionekani kwenye seli ya mita 30, lakini inaweza kuwa ndiyo mahali penyewe.

Mpima_wa_Bondeni

Nimefanya kwa tabaka zote mbili, lenye katazo la mita 405 na lisilo nalo. Lenye katazo linatoa ukanda mmoja mwembamba wa kusini, ambao upana wake kwenye ule ubavu haufiki mita 100, kwa hiyo hapo hatuna pa kuchagua. Lisilo na katazo linatoa ukanda mpana unaopita kwenye tandiko la mita 421.

Fundi_Bomba_Mstaafu

Mwanangu, nilikuwa nalifikiria tandiko hilo tangu jana. Kwa nini tangi lisijengwe palepale? Kama maji yanapanda hadi 421, yaache yakae huko. Mita hizo 19 hazipotei tena, zinakuwa presha ya kuvifikia vitongoji vya mbele ambavyo tangi la 402 lisingevifikia. Bomba nene la chini litahitajika, hilo silikatai, na umeme utaliwa. Lakini utakuwa umenunua kitu.

Mpima_wa_Bondeni

Mzee, sikulifikiria hilo hata kidogo. Eneo la mita 402 lilichaguliwa kabla sijaajiriwa, nami nililichukua kama lilivyo. Tatizo ninaloliona ni kwamba, kwa mujibu wa mwenyekiti wa kitongoji, upande mmoja wa tandiko kuna makaburi ya zamani, na mipaka yake haimo kwenye tabaka langu lolote. Jumatano tunapanda naye pamoja na mkadiriaji, nikiwa na GPS. Nitapima makaburi, nitapima mwinuko halisi wa tandiko, na nitapita ule ubavu wa kusini kwa miguu ili nione udongo wake. Nitarudi hapa na vipimo.

Mkulima_Tandahimba

Mkipita kwenye mikorosho Jumatano, hesabuni na ile ya pembeni.